Aliponyamaza ndipo akaonekana: kisa cha Khaby Lame na funzo lake kwa wapiga video wa Swima

Machi 2020, kijana wa miaka 20 aliachishwa kazi katika kiwanda karibu na mji wa Turin, kaskazini mwa Italia. Ulikuwa mwezi ambao Italia ilifungwa kwa sababu ya korona. Kijana huyo, Khabane Lame, mzaliwa wa Senegali, alirudi kwa wazazi wake katika nyumba za serikali mjini Chivasso, kwenye chumba kidogo alichokuwa akilala pamoja na kaka yake. Baba yake alimhimiza atafute kazi nyingine. Yeye alichukua simu akaanza kupiga video na kuziweka kwenye TikTok kwa jina la Khaby Lame.

Video za mwanzo zilikuwa kama za vijana wengine. Alicheza dansi, alitazama michezo ya kompyuta huku akicheka, alitunga vichekesho vidogo na kuongea Kiitaliano. Waliomtazama walikuwa wachache. Aliendelea hivyo miezi kadhaa, akiweka video moja baada ya nyingine, wakati watu mamilioni wamefungiwa majumbani na hawana la kufanya ila kutazama simu zao. Hata hivyo dunia haikumwona.

Tarehe 22 Juni 2022, miaka miwili na miezi mitatu baada ya kupoteza kazi, kijana huyo huyo alimpita Mmarekani Charli D'Amelio na kuwa mtu mwenye wafuasi wengi kuliko wote kwenye TikTok. Walikuwa zaidi ya milioni 142.

Katikati ya tarehe hizo hakununua kamera ya bei kubwa wala hakupata mfadhili wa kumtangaza. Alichofanya ni kuacha kuongea. Kwa vijana wa Swima, wilayani Fizi, ambao nao wana simu mkononi na ziwa mbele yao, inafaa kujua kwa nini jambo dogo hivyo lilifanya kazi, na pia ni wapi haliwezi kufanya kazi.

Ndizi na kisu

Wakati huo mtandaoni zilikuwa zimejaa video za "ujanja wa maisha". Mtu anakuonyesha njia mpya ya kufanya jambo la nyumbani, lakini njia yenyewe ni ndefu na ngumu kuliko ile ya kawaida. Moja ya hizo ilionyesha mtu akipasua ndizi kwa kisu kikubwa cha nyama ili aitoe ganda.

Khaby alichukua video kama hizo, akaziweka mbele ya yake. Kwanza mtazamaji anamwona yule mtu na kisu chake. Halafu anamwona Khaby, uso umekauka, ameshika ndizi. Anaimenya kwa mkono kama kila mtu anavyomenya. Kisha anafungua viganja vyote viwili kuelekea ile ndizi, kama mtu anayesema, "Si hivi tu?" Anatikisa kichwa kidogo, macho yanazunguka, video imekwisha. Hakutamka hata neno moja.

Yeye mwenyewe ameeleza katika mahojiano kwamba ile ishara ya mikono ilikuja kwa bahati tu, ila kunyamaza hakukuwa bahati. Alikuwa akitafuta njia ya kuwafikia watu wengi iwezekanavyo, akaona kwamba njia hiyo ni kutosema kitu.

Kuna pia kilichomsaidia kutoka nje. Septemba 2020, miezi sita hivi baada ya yeye kuanza, TikTok ilileta kitufe kinachoitwa Stitch. Kitufe hiki humruhusu mtu kukata hadi sekunde 5 za video ya mwingine na kuziweka mwanzoni mwa video yake. Tayari kulikuwa na Duet, ambayo huweka video mbili kando kwa kando. Kwa vifaa hivyo viwili Khaby hakuhitaji tena kutunga mwanzo wa kisa. Mwanzo aliupata kwa watu wengine, tena ni mwanzo ambao tayari ulikuwa umewavuta watazamaji. Kazi yake ikabaki kuleta mwisho.

Aprili 2021 akawa Mwitaliano mwenye wafuasi wengi kuliko wote kwenye mtandao huo. Kutoka hapo hadi kileleni mwa dunia ilichukua miezi 14.

Kwa nini kunyamaza kulifungua mlango

Watu wengi hudhani video huonekana kwa sababu mwenye nayo ana wafuasi wengi. Kwenye TikTok mambo hayaendi hivyo. Mtu akifungua programu hiyo, anachokiona kwanza ni ukurasa wa For You, na video zinazojaa hapo nyingi ni za watu asiowafuata. Mtambo ndio unaomchagulia.

Juni 2020 kampuni yenyewe ilieleza hadharani jinsi mtambo huo unavyochagua. Ilisema idadi ya wafuasi haiamui moja kwa moja. Kinachotazamwa zaidi ni matendo ya mtazamaji: ametazama hadi wapi, amependa, ameandika maoni, amemtumia mwenzake. Lugha ya simu na nchi aliyopo pia huhesabiwa, lakini kwa uzito mdogo. Kampuni ikatoa mfano ulio wazi: mtu akitazama video ndefu kidogo kutoka mwanzo hadi mwisho, hiyo ni ishara nzito kuliko mtazamaji na mpiga video kuwa katika nchi moja.

Sentensi hiyo moja inaeleza kisa chote cha Khaby. Video yake ya Kiitaliano ikipelekwa kwa mtu wa Brazili, mtu huyo anasikia lugha asiyoijua na baada ya sekunde mbili anaipitisha juu kwa kidole. Mtambo unaandika kwamba video hii imekataliwa, na hauoni haja ya kuipeleka kwa Mbrazili mwingine. Mlango uko wazi, lakini lugha imesimama mlangoni.

Video ya ndizi ikipelekwa kwa mtu yule yule, haina cha kumzuia. Anaelewa kisu, anaelewa ndizi, anaelewa uso wa mtu aliyechoka na upuuzi. Anatazama hadi mwisho kwa sababu anataka kujua kijana huyu atafanya nini, na mwisho wenyewe uko sekunde chache mbele. Mtambo unaandika kwamba imetazamwa yote, unampelekea mwingine. Mtu wa Japani hana tofauti na mtu wa Italia, na wote hawana tofauti na mtu wa Baraka.

Basi badiliko lilikuwa dogo kwa macho, lakini liligusa mahali penyewe. Kama Khaby angebadilisha nguo, taa au muziki huku akiendelea kuongea Kiitaliano kwa dakika nzima, huenda hadi leo angekuwa anajulikana Chivasso tu.

Jirani aliyekwenda njia nyingine

Asidhani mtu kwamba dawa ni kunyamaza. Huku kwetu Afrika ya Mashariki kuna kijana aliyefanikiwa kwa njia inayoonekana kinyume kabisa.

Kili Paul ni Mmaasai wa Tanzania, kutoka kijiji cha mkoa wa Pwani. Mwishoni mwa 2021 yeye na dada yake Neema walijulikana kwa video ambazo wamevaa shuka zao za Kimaasai, wamesimama mbele ya nyumba au mifugo, na midomo yao inafuata nyimbo za filamu za Kihindi, neno kwa neno, kana kwamba wao ndio waimbaji. Februari 2022 Ubalozi wa India nchini Tanzania ulimpa heshima, na mwezi huo huo Waziri Mkuu Narendra Modi aliwataja ndugu hao wawili katika hotuba yake ya redio kwa taifa.

Khaby aliondoa lugha, Kili Paul akaazima lugha ya watu wengine. Lakini kila mmoja alijibu swali moja: nani atakayeelewa video hii katika sekunde ya kwanza? Khaby alijibu kwamba ni kila mtu. Jibu la Kili Paul likawa Wahindi, ambao ni zaidi ya watu bilioni moja na wanazijua nyimbo hizo kwa moyo. Mhindi aliyefungua simu na kumkuta Mmaasai akiimba wimbo anaoupenda, bila kukosea hata silabi, hakuwa na sababu ya kupitisha.

Mpiga video ambaye hajajibu swali hilo anaweza kufanya kazi mwaka mzima bila kuonekana, hata kama picha zake ni nzuri.

Tuseme ni Swima

Tuchukue mfano wa kutunga, ila wa mambo yanayojulikana kwenye mwambao wetu. Kijana wa Swima anataka kuonyesha uvuvi wa ndagala. Amechagua jambo zuri: kwa nini wavuvi wengi hukaa nyumbani mwezi ukiwa mpevu. Kila mtoto wa ziwa anajua sababu. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Samaki hufuata mwanga, hukusanyika chini ya taa, na wavu huinuliwa. Mwezi ukijaa, mwanga umetapakaa juu ya ziwa lote, taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kuwakusanya samaki mahali pamoja. Mtu wa Kinshasa au wa Paris hajui hilo, na akionyeshwa atashangaa.

Video yake ya kwanza ina sekunde 45. Inaanza hivi: "Habari zenu ndugu zangu, mimi naitwa fulani, leo niko hapa Swima, kabla hatujaanza naomba unifuate." Sekunde 12 zimekwenda. Halafu anazungusha simu kuonyesha ziwa, sekunde nyingine 10. Kisha anaeleza kwa maneno. Taa na samaki vinaonekana mwishoni kabisa.

Katika desturi yetu salamu ni heshima, na mtu hawezi kuingia kwenye ua wa watu akaanza kusema bila kupiga hodi. Lakini aliyeshika simu hakukualika. Yuko njiani anapita, na usipomwonyesha kitu amekwisha pita. Salamu inaweza kungoja, au ikaandikwa chini ya video.

Baada ya siku tatu video imetazamwa mara 200. Kijana anahesabu laiki 15, anafurahi kidogo. Akiangalia vizuri ataona kwamba laiki 11 ni za binamu na marafiki aliosoma nao. Laiki hizo hazimwambii kitu kuhusu video. Zinamwambia kwamba ana ndugu.

Habari ya kweli iko mahali pengine. Ndani ya programu, kila video ina sehemu iitwayo Analytics. Humo kuna Average watch time, yaani kwa wastani watu wametazama sekunde ngapi, na kuna mchoro unaoonyesha ni wapi wanaondoka. Tuseme anakuta sekunde 5 kati ya 45, na mchoro umeporomoka wakati wa salamu. Hapo amepata jibu. Watu hawakuchukia ndagala wala Swima, maana hawakufika hata kuviona.

Badilisha kitu kimoja

Wengi hukosea hapa. Wakiona video haiendi, wanabadilisha kila kitu kwa siku moja: muziki, mavazi, mada, saa ya kuweka, hata jina la akaunti. Ikitokea video moja imekwenda vizuri, hawajui ni nini kilichosaidia, na inayofuata inaanguka tena. Wengine hufuta zile za zamani kwa aibu, wakatupa pamoja nazo hesabu zote ambazo zingewafundisha.

Kijana wetu anaacha mada ile ile, simu ile ile, muziki ule ule. Anabadilisha mwanzo tu. Sekunde ya kwanza sasa ni taa inayowaka juu ya maji meusi na samaki wadogo wanaochemka chini yake. Sekunde ya nne ni usiku wa mwezi mpevu: mitumbwi imelala mchangani, hakuna mtu. Kwenye picha ameandika maneno matano: "Kwa nini leo hawakwenda ziwani?" Jibu linakuja baada ya hapo, kwa taa na mwezi, na video inakwisha kwenye sekunde ya 18.

Anapiga tano za namna hiyo juu ya mambo tofauti ya ziwa, na zote zinaanza na kitu chenyewe badala ya salamu. Moja haitoshi, kwa sababu video moja inaweza kubebwa au kuangushwa na bahati. Akizilinganisha tano hizo na tano za zamani, anaangalia wastani wa kutazama, si laiki. Ikiwa sasa watu wanatazama sekunde 11 kati ya 18, badiliko limefanya kazi, hata kama waliotazama bado ni 300. Idadi hufuata baadaye, maana mtambo humwongezea watazamaji yule ambaye wa kwanza hawakumkimbia. Ikiwa bado ni sekunde 5, basi tatizo halikuwa salamu, na inabidi kutafuta kitu kingine kimoja.

Kuna faida nyingine ambayo mtu wa Chivasso hakuihitaji sana, lakini mtu wa Swima anaijua. Video ya sekunde 18 hula mega chache kuliko ya sekunde 45 wakati wa kuipandisha, na kupiga tano fupi hakumalizi betri kama kupiga tano ndefu. Mtu anayenunua unite kidogo kidogo na kungoja jua lichaji simu anaweza kupima mara nyingi zaidi kwa fedha ile ile.

Anaongea na nani?

Limebaki swali la lugha, na hapa kijana wa Swima asimwige Khaby kwa upofu. Kunyamaza kunafaa pale ambapo kitendo kinajieleza chenyewe: ndizi, wavu, taa. Hakufai kwa mtu anayetaka kusimulia historia ya familia, kufundisha jinsi ya kutibu mihogo isiwe na sumu, au kuchekesha kwa methali. Mambo hayo yanaishi ndani ya maneno. Ukiyaondoa, hakuna kinachobaki.

Na watazamaji wa Swima si lazima wawe dunia nzima. Kiswahili kinavuka ziwa na kumfikia mtu wa Kigoma bila mkalimani. Kibembe kina watu wachache, lakini wametawanyika mbali: wako Fizi na Baraka, wako kambi ya Nyarugusu upande wa Tanzania, ambayo imewapokea Wakongo tangu 1996, na kutoka kambini humo wengi wamehamishiwa Marekani. Mama aliyeko huko, ambaye hajaliona ziwa kwa miaka 20, akisikia Kibembe na kuona mitumbwi ya nyumbani, hataipitisha video hiyo. Ataitazama hadi mwisho, atairudia, atawatumia watoto wake. Hao ni wachache, ila kwa mtambo kila mmoja wao ni ishara nzito.

Kinachopoteza ni kuchanganya. Nusu ya video kwa Kifaransa ili kuonekana msomi, robo kwa Kiswahili, salamu kwa Kibembe: kila mtazamaji anafika mahali asipoelewa, na hapo ndipo anapoondoka.

Fedha na karatasi

Tusidanganyane pia kuhusu fedha. TikTok ilipoanza kuwalipa wapiga video kutokana na mfuko wake, 2020, ilianzia Marekani, ikafuata nchi chache za Ulaya, Italia ikiwamo. Afrika haikuwamo. Hata huko, mtu alitakiwa awe na wafuasi 10,000 na awe ametazamwa mara 100,000 ndani ya siku 30. Fedha kubwa za Khaby zilitoka kwa kampuni zilizomlipa atangaze bidhaa zao. Kijana wa Swima anayetegemea malipo ya mtandao wenyewe atangoja sana. Anayetengeneza video ili mtu wa Uvira ajue kwamba dada yake anauza ndagala zilizokauka vizuri anaweza kuona faida akiwa na watazamaji 400 tu, mradi wawe wale wanaonunua.

Wala umaarufu haufungui kila mlango. Khaby aliletwa Italia akiwa na mwaka mmoja. Alisoma huko, alifanya kazi huko, akawa Mwitaliano anayetazamwa kuliko wote, na bado pasipoti yake ilikuwa ya Senegali. Uraia alitangaziwa siku mbili baada ya kufika kileleni, Juni 2022, akala kiapo Agosti mwaka huo. Kwa miaka miwili ya video zake, watu waliokuwa wakimwita fahari ya Italia walikuwa wakimsifu mtu ambaye nchi hiyo ilikuwa bado haijamwandika kuwa raia wake.